Kwa nini potasiamu ni K na bati ni Sn: mwongozo wa kuzisoma alama za elementi zilizotoka Kilatini

Mvua za kwanza zikikaribia, duka la pembejeo pale Uyole halina nafasi ya kugeuka. Siku hiyo nilikuwa nyuma ya mama mmoja anayelima viazi mviringo upande wa Umalila. Alikuwa ameambiwa shamba lake lina upungufu wa kalsiamu, na sasa ameweka kidole juu ya mfuko wa mbolea ulioandikwa NPK, kwenye ile herufi ya mwisho.

"Si hii hapa? K, kalsiamu."

"Ndiyo mama, hiyo hiyo," kijana wa duka akaitikia huku akihesabu chenji ya mtu mwingine.

Nimefundisha kemia miaka mingi na mdomo wangu haujui kukaa kimya mahali kama pale. "Shikamoo mama. Samahani, hiyo K siyo kalsiamu. Ni potasiamu."

"Marahaba." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maharage huvunwa kwa kuchimba. "Mwalimu, potasiamu inaanza na K?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Jibu lake nimeliandika hapa kwa mpangilio ule ninaoutumia na wanafunzi wangu wa tuisheni, kwa sababu wengi wao hukariri alama hizi kama namba za simu na kuzisahau kabla wino haujakauka. Mtu akijua jina lilikotoka, hana haja ya kukariri.

Hatua ya kwanza: jua unapambana na fundo lipi

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna mafundo mawili, na watu huyachanganya.

Fundo la kwanza ni la tahajia tu. Kaboni, kalsiamu, klorini, kromiamu na kobalti zote kwetu zinaanza na K. Alama zake ni C, Ca, Cl, Cr na Co. Hapo hakuna siri yoyote. Wazungu waliandika C palipo na sauti yetu ya K, na sisi tukaiandika kama tunavyoitamka. Vivyo hivyo fosforasi kwetu ina F, lakini alama yake ni P kwa sababu Warumi waliiandika sauti hiyo ya Kigiriki kwa P na H. Fundo hili hufunguka kwa kanuni moja ndogo: ukiona jina la Kiswahili linaanza na K, jaribu C kwanza. Karibu kila mara utapatia, maana katika jedwali zima la elementi, ambalo leo lina elementi 118, herufi K inaanza alama mbili pekee. Moja ni Kr, ambayo ni kriptoni, gesi iliyogunduliwa mwaka 1898 na isiyopatikana kwenye duka lolote la pembejeo. Nyingine ni K yenyewe, ile ya mfuko.

Fundo la pili ndilo lenye utamu. Hapo hata Mwingereza anashangaa, kwa sababu alama haifanani na jina la kwao. Chuma kwa Kiingereza kinaanza na I, alama yake ni Fe. Risasi inaanza na L, alama yake ni Pb. Elementi za namna hii ni kumi na moja tu kati ya zile 118: Na, K, Fe, Cu, Ag, Sn, Sb, W, Au, Hg na Pb. Kumi zimetokana na majina ya Kilatini, na moja, W, imetoka Kijerumani. Tukizimaliza hizi kumi na moja, kazi imekwisha.

Hatua ya pili: uliza kama kitu hicho kina jina la zamani la Kiswahili

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda zaidi, na sijawahi kukiona kwenye kitabu cha shule. Chukua elementi yoyote. Jiulize: je, bibi yangu, ambaye hakukanyaga maabara, alikuwa na neno lake? Neno ambalo si la Kiingereza kilichovalishwa irabu mwishoni?

Magnesiamu: hapana. Aluminiamu: hapana. Nikeli: hapana. Sasa jaribu hizi: dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati, risasi, zebaki. Zote saba zina majina yake, na mengi kati ya hayo yalikuja na majahazi ya Waarabu zamani sana, ila chuma ni Kibantu chetu wenyewe. Na zote saba ndizo zenye alama za Kilatini:

dhahabu, *aurum*, Au
fedha, *argentum*, Ag
shaba, *cuprum*, Cu
chuma, *ferrum*, Fe
bati, *stannum*, Sn
risasi, *plumbum*, Pb
zebaki, *hydrargyrum*, Hg

Hizi ni zile metali saba zilizojulikana na watu wa kale kabla hata neno kemia halijawa na maana ya leo. Kila taifa lilizichimba, likazifua, likazifanyia biashara na kuzipa jina lake. Waingereza walikuwa na majina yao ya kienyeji, Warumi yao, sisi yetu. Elementi iliyogunduliwa juzijuzi hupewa jina moja lililotengenezwa kwa sura ya Kilatini, na kila lugha inalichukua kwa kulipindapinda kidogo, kwa hiyo alama inafanana na jina kila mahali. Lakini kitu cha zamani hakiachi jina lake. Ndiyo maana fundo limekaa kwenye metali zilezile ambazo hata mhunzi wa Kifipa wa enzi za tanuru za udongo angezitambua, walau moja.

Kipimo hiki kina mipaka, na ni vizuri uijue. Kiberiti na makaa nayo ni majina ya kale, lakini alama zake, S na C, hazimsumbui Mwingereza kwa sababu aliyachukua majina yenyewe kutoka Kilatini, *sulphur* na *carbo*. Na maneno yetu ya mtaani yanaweza kukudanganya. Ukisema bati hapa Mbeya, mtu anaangalia juu ya paa. Lile bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki, yaani Fe juu yake Zn, na hakuna Sn hata chembe. Sn ni ile metali laini iliyopakwa ndani ya makopo ya chakula na inayoyeyushwa na fundi redio anapounga waya. Nilishamwona mwanafunzi akiandika kwenye mtihani kwamba nyumba za Tukuyu zimeezekwa kwa Sn. Kwa upande wa Kiswahili hakukosea kitu.

Fedha inachanganya kwa namna yake, lakini hapo mkanganyiko unasaidia. Kwetu neno moja ni metali na ni pesa. Wafaransa nao wako hivyohivyo: neno lao la pesa ni mtoto wa *argentum*. Ukikumbuka hilo, Ag haitakutoka.

Na zebaki? Wachimbaji wadogo wa Chunya wanaijua kwa mikono yao, kwa sababu ndiyo wanayokamatia dhahabu kwenye mchanga uliosagwa. Inatiririka kama maji na kung'aa kama fedha, na hilo ndilo jina lake la Kilatini lilivyojengwa kutokana na Kigiriki: *hydr* ni maji, *argyr* ni fedha. H ya maji, g ya fedha, Hg. Wanapochoma lile donge kwenye karai, Hg inapanda hewani na Au inabaki chini. Anayesimama upande ule upepo unakoelekea anavuta mvuke wa Hg, na huo hauna harufu ya kumwonya.

Hatua ya tatu: toa herufi kwenye jina la Kilatini

Aliyeanzisha utaratibu huu alikuwa Msweden, Jöns Jacob Berzelius, katika maandiko yaliyochapishwa mwaka 1813 na 1814 kwenye jarida moja la London. Kabla yake Mwingereza John Dalton alikuwa akichora viduara: kimoja kina nukta katikati, kingine kimepigwa mstari, kingine kimejazwa weusi. Kwa metali nyingi aliweka herufi ya Kiingereza ndani ya duara. Mchapaji alilazimika kuchonga vipande vipya kwa kila duara, na Mjerumani au Mfaransa alilazimika kujifunza herufi za Kiingereza. Berzelius akasema tuache michoro, tutumie herufi za kawaida za kiwanda cha uchapaji, na zitoke kwenye Kilatini, lugha iliyosomwa na kila msomi wa Ulaya wakati huo na isiyokuwa mali ya taifa lolote.

Kanuni zake zilikuwa tatu, na ukizishika unaweza kujitengenezea alama nyingi mwenyewe.

Elementi isiyo metali inapewa herufi ya kwanza peke yake, hata kama kuna metali inayoanza na herufi hiyo. Ndiyo maana C ni kaboni na S ni salfa. Metali ikigongana na elementi nyingine kwenye herufi ya kwanza, inapewa herufi mbili za mwanzo: *cuprum* ikawa Cu, *cobaltum* ikawa Co, *aurum* ikawa Au. Na kama hata herufi mbili za mwanzo zinagongana, chukua herufi ya kwanza, kisha ruka mpaka konsonanti ya kwanza ambayo majina hayo hayashirikiani.

Hiyo ya tatu ndiyo inayofungua yale magumu. Andika majina mawili moja juu ya jingine, uyasome kama mtu anayelinganisha risiti:

```
S T A N N U M
S T I B I U M
```

S ni ileile. T ni ileile. Zote zingekuwa St. Kwa hiyo ruka. Konsonanti inayofuata juu ni N, chini ni B. Ya juu ni Sn, bati. Ya chini ni Sb, antimoni. Berzelius mwenyewe kwenye orodha yake ya mwanzo alimwachia antimoni ile St. Sb ilikuja baadaye.

Fanya tena kwa hizi:

```
A R G E N T U M
A R S E N I C U M
```

Ar na Ar zinagongana. Konsonanti inayofuata ni G kwa fedha, S kwa aseniki. Ag na As. Ile Ar ilibaki wazi, na leo inatumiwa na argoni, gesi iliyogunduliwa mwaka 1894. Hata hiyo argoni iliandikwa A tupu hadi mwaka 1957.

Jaribu mwenyewe magnesiamu na manganizi, ambazo wanafunzi huzibadilisha kila mwaka. Zote ni Ma. Ya kwanza inaendelea na G, ya pili na N. Mg, Mn. Basi.

Sitakuficha kwamba kanuni hii ina mahali inapopinda. Kwa risasi, *plumbum* inagongana na *platinum* kwenye Pl. Platini inatoa Pt kwa utiifu kabisa. Lakini *plumbum* ingepaswa kutoa Pm, kwa sababu M inatangulia B. Haikuwa hivyo, ikawa Pb. Leo Pm ni promethiamu. Kwa hiyo kanuni ni ya kukuongoza, na hapo kwenye Pb weka alama ya kukumbuka kwa kichwa.

Hatua ya nne: wale wanne wasiotii kipimo cha bibi

Zimebaki nne: Na, K, Sb na W. Metali zenyewe hazikujulikana zamani kama zile saba, ila vitu vilivyozibeba vilikuwemo majumbani. Hapa swali la bibi linabadilika kidogo. Usiulize jina la metali. Uliza jina la unga, jiwe au majivu ilimotoka.

Anza na Na, sodiamu. Mwaka 1807, huko London, Humphry Davy alipitisha umeme kwenye soda kali iliyoyeyushwa akapata metali mpya laini, akaipa jina kutokana na soda. Waingereza wakabaki nalo. Lakini Ulaya bara walipendelea jina *natrium*, kutokana na *natron*, unga mweupe wa chumvichumvi ambao Wamisri wa kale walikaushia maiti. Kwetu unga wa ukoo huohuo unaitwa magadi. Ndiyo, hayahaya unayotia kidogo kwenye maharage yaive upesi. Kaskazini mwa nchi yetu kuna Ziwa Natron, na ng'ambo ya mpaka, Kenya, kuna Ziwa Magadi. Maziwa mawili ya aina moja, jirani kabisa, moja limebeba jina la kizungu na jingine la Kiswahili. Mwanafunzi akiniuliza Na ni nini, namwambia aangalie ramani.

Sasa K. Mwaka huohuo Davy alifanya vilevile kwa potashi, akapata metali nyingine, akaiita kwa jina la potashi. Potashi ni majivu ya mimea yaliyolowekwa, maji yake yakachujwa na kuchemshwa sufuriani hadi yakauke. Waarabu walikuwa na neno lao kwa majivu ya mimea, *qali*, na kutoka hapo Wazungu wakapata neno alkali, na wakapata *kalium*. Herufi moja tu ikatosha, K, kwa sababu Kilatini chenyewe kilikuwa hakitumii K ila kwa nadra, na nafasi ilikuwa wazi. P haikuwezekana hata kidogo, kwa kuwa fosforasi ilishaikalia.

Kwetu nyumbani, magadi yalipokosekana, bibi alichoma maganda makavu ya maharage, akaweka majivu kwenye kibuyu kilichotobolewa chini, akamimina maji juu yake. Yale maji ya rangi ya chai yaliyodondoka chini ndiyo aliyotia kwenye mboga. Yakigusa kidonda mkononi yanawasha. Hiyo ndiyo *kalium*, au kwa usahihi zaidi, kabonati yake, iliyokuwa inadondoka kibuyuni kabla Davy hajazaliwa. Tahadhari moja: usije ukadhani neno letu "kali" ndilo lililozaa *kalium*. Letu ni la Kibantu, na kufanana huko ni bahati tu. Kwa kukumbukia, hata hivyo, bahati hiyo inafaa sana, maana majivu hayo ni makali kwelikweli.

Antimoni nitaipita haraka. *Stibium* lilikuwa jina la unga mweusi wa kupaka machoni, yaani wanja. Sb ni wanja wa Warumi. Wanja unaouzwa siku hizi unaweza ukawa na Pb badala yake, na huo haufai kupakwa mtoto.

W sio Kilatini, na ni vyema kusema hivyo waziwazi, kwa sababu walimu wengi huitupia kwenye kapu lilelile. Ni Kijerumani, *Wolfram*, jina lenye mbwa mwitu ndani yake. Wachimbaji wa bati wa huko waliona kwamba jiwe fulani likichanganyika na mawe yao, bati linalotoka tanuruni linapungua, kana kwamba mnyama amelila. Waingereza walichukua jina la Kiswidi, *tungsten*, lenye maana ya jiwe zito. Jina lao likashinda kwenye vitabu vya Kiingereza, ila alama ilibaki W. Ni ule waya mwembamba ndani ya balbu za zamani, zile zinazopata moto.

Hatua ya tano: andika kwa herufi kubwa na ndogo, na usibahatishe

Mwanafunzi asiyejua Kilatini hubahatisha kwa kutumia jina la Kiingereza. Ubaya ni kwamba alama anayoibahatisha mara nyingi ipo, ila ni ya kitu kingine. Akitaka shaba anaandika Co, ambayo ni kobalti. Akitaka bati anaandika Ti, ambayo ni titani. Akitaka fedha anaandika Si, ambayo ni silikoni, iliyomo kwenye mchanga. Sodiamu anaipa S, ambayo ni salfa. Mtu anayesahihisha haoni kosa la herufi. Anaona mtoto ameyeyusha mchanga akidai ni fedha.

Njia ya kujikagua ni rahisi: ukimaliza kuandika alama ya moja kati ya zile kumi na moja, angalia kama herufi yake ya kwanza inalingana na jina la Kiingereza. Karibu zote hazilingani. Ikilingana, kuwa na shaka, kisha hakikisha kwa Kilatini. Inayolingana herufi ya kwanza ni moja tu: Cu.

Kuhusu ukubwa wa herufi, ya kwanza daima ni kubwa na ya pili daima ni ndogo. Co ni metali ya kobalti. CO ni C moja na O moja, ile hewa ya jiko la mkaa. Huku kwetu, usiku wa Juni wa Makete au Njombe, watu hufunga madirisha na kuingiza jiko chumbani, na CO haina rangi wala harufu. Herufi moja ndogo inatenganisha metali na kifo cha usingizini.

Hatua ya sita: rudi kwenye mfuko

Sasa tumsaidie yule mama. Mfuko wa kilo 50 umeandikwa:

```
NPK 17-17-17
```

Hapa herufi ni alama za elementi kweli. N ni naitrojeni, P ni fosforasi, K ni *kalium*, potasiamu. Namba ni asilimia, kwa mpangilio huohuo. Lakini kuna desturi ya zamani ya biashara ya mbolea: namba ya pili inahesabiwa kama P2O5, na ya tatu kama K2O, si K tupu. Kwa hiyo asilimia 17 ya kilo 50 ni kilo 8.5 za K2O. Ndani ya K2O, K ni sehemu 78 kati ya 94, yaani karibu asilimia 83. Zidisha, unapata kilo 7 na kidogo za K yenyewe kwa mfuko mzima. Kalsiamu ambayo mama aliifuata haikuahidiwa hata na herufi moja kwenye mfuko ule.

Kisha akageukia mfuko wa jirani, na hapo nikaona mtego mwingine ambao sikuwa nimeufikiria. Umeandikwa CAN. Akauliza kama C ni kaboni.

Hapana. Herufi za CAN, na za DAP, si alama. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, kama vile tunavyofupisha majina ya vyama. CAN ina kalsiamu ndani yake kweli, na naitrojeni, lakini ile A si elementi yoyote. DAP haina elementi ya D. Na UREA haina urani, usiogope. Namna ya kutofautisha: tafuta namba. Mfuko wa DAP huandikwa 18-46-0, na zile namba tatu zinafuata mpangilio wa N, P, K hata kama herufi zenyewe hazipo. Sifuri ya mwisho inakwambia hamna potasiamu.

Ukipata karatasi ya majibu ya kipimo cha udongo, isome vivyo hivyo. Utakuta Ca, Mg, K, Na, na chini kidogo Fe, Mn, Cu, Zn. Usianze na herufi za Kiswahili. Weka kidole kwenye K, sema majivu. Kwenye Na, sema magadi. Ikiwa nyingi, udongo hushikamana na maji hayapenyi. Kwenye Fe, sema chuma. Ca ndiyo kalsiamu, na dawa yake ya kawaida kwenye udongo mchachu wa milimani ni chokaa.

Mama alisikiliza hadi mwisho huku foleni ikinung'unika nyuma yetu. Aliacha NPK, akaulizia chokaa, akaambiwa ipo stoo ya nyuma. Kijana alipokwenda kuileta, mama akaugusa tena ule mfuko wa kwanza kwa kidole.

"Kwa hiyo hapa wameniuzia majivu."

"Majivu ghali, mama."

"Na jikoni kwangu namwaga nje kila asubuhi."

Nikamwambia asiyamwage kwenye viazi juu ya chokaa, maana majivu nayo hupunguza uchachu wa udongo, na ukipungua mno ukurutu wa viazi hupenda hali hiyo, ila kwenye migomba ni mahali pake. Kijana akarudi na mfuko begani, mweupe vumbi mpaka kwenye kope, akauweka chini. Ulikuwa umeandikwa CaCO3. Mama akausoma mwenyewe, polepole, akaishia kwenye ile C ya pili na kunitazama.

"Hiyo sasa ndiyo kaboni," nikamwambia.